Mchango wa ZSSF na Kiinua Mgongo cha Kampuni: Mwajiri Aandike Nini Vitabuni

Kila mwisho wa mwaka wahasibu wa hoteli na makampuni ya Unguja na Pemba hurudishiwa hesabu na mkaguzi kwa makosa mawili yale yale. Kosa la kwanza ni kudhani kuwa, kwa vile ZSSF humlipa mstaafu pensheni kwa kanuni, basi kampuni nayo inadaiwa pensheni hiyo. La pili ndilo baya zaidi: kampuni imewaahidi wafanyakazi kiinua mgongo chake yenyewe, na vitabuni hakuna hata shilingi moja ya deni mpaka siku mtu anapostaafu.

Mwongozo huu unafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 19 (IAS 19), kinachotumiwa na kampuni zinazotayarisha hesabu kwa IFRS kamili. Anayetumia IFRS ya kampuni ndogo na za kati asome kifungu cha 28 cha kiwango hicho, kwa sababu baadhi ya vipimo vyake ni tofauti.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, kanuni za utumishi, na barua za ajira. Uwe na nakala zilizosainiwa. Rasimu haitoshi.
- Karatasi za mishahara za miezi yote 12, zikionyesha mshahara wa msingi na posho mbalimbali.
- Hati za malipo ya michango kwa kila mwezi, pamoja na tarehe ya benki.
- Orodha ya wafanyakazi yenye tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa na mshahara wa sasa.
- Matokeo ya minada ya hatifungani za serikali yanayotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, yale ya karibu kabisa na siku ya kufunga hesabu.

Orodha ya wafanyakazi ndiyo inayochelewesha watu. Tarehe ya kuajiriwa ikikosewa kwa miaka mitatu, deni la mtu huyo zima linakwenda upogo.

## Hatua ya 1: Tenganisha mchango na ahadi

Mipango ya mafao ya uzeeni iko ya aina mbili. Katika mpango wa mchango uliopangwa, mwajiri hulipa kiasi maalumu kwa mfuko ulio kando yake, na akishalipa amemaliza. Katika mpango wa fao lililoahidiwa, mwajiri ameahidi matokeo yenyewe, kwa mfano mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Mishahara ikipanda au hesabu zikienda kombo, hasara ni yake.

Swali la kujiuliza ni moja: mfuko ukiishiwa fedha kesho, nani atakayedaiwa? Usiulize mfanyakazi atapata nini, kwani hapo ndipo wengi wanapopotea.

Chukua ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Kwa mwanachama, pensheni yake hukokotolewa kwa kanuni, si kwa kiasi kilichojikusanya kwenye akaunti yake. Ukimtazama mwanachama tu, hilo ni fao lililoahidiwa. Lakini aliyeahidi ni mfuko. Mwajiri hana wajibu wa kuziba pengo la mfuko, wala hadaiwi mafao ya mtu aliyekwisha ondoka kazini kwake. Kwa hiyo IAS 19 inamtaka mwajiri auandike mpango wa namna hii kama mchango uliopangwa. Ukiwa na tawi Dar es Salaam na wafanyakazi wake wako NSSF, uamuzi ni huo huo.

Sasa fungua mkataba wa hali bora, usome kifungu cha kustaafu neno kwa neno. Ukikuta "kampuni italipa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi," hiyo ni ahadi ya kampuni, nayo ni fao lililoahidiwa. Si hoja kwamba hakuna mfuko wowote uliotengwa kwa ajili yake. Ahadi isiyotengewa fedha ni deni zima, na kitu cha kulipunguza hakipo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: hata pasipo maandishi, kampuni ikiwa imewalipa wastaafu wake kiinua mgongo mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba haiwezi kuacha bila kuvunja uhusiano na wafanyakazi, mazoea hayo yanahesabiwa kuwa wajibu. Ya pili: kampuni ikiwa na mfuko wa akiba wa wafanyakazi na ikawaandikia barua kwamba itafidia faida ikishuka chini ya kiwango fulani, barua ile imeutoa mpango kwenye mchango na kuuingiza kwenye ahadi.

Malipo ya kupunguzwa kazini hayamo humu. Yale yanayolipwa kwa sababu tu mwajiri ameamua kumwachisha mtu yana taratibu zake. Lakini kama malipo yapo hata mtu akistaafu au akiacha kazi kwa hiari yake, yarudishe hapa.

*Hatua imefaulu ukiwa na* karatasi moja yenye safu mbili, mchango na ahadi, na kila kifungu cha mkataba kimetajwa kwa namba chini ya safu yake.

## Hatua ya 2: Andika michango ya kila mwezi

Hii ni hatua fupi. Tuseme mishahara ghafi ya mwezi ni sh. 24,000,000. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme mwajiri anachangia 10% na mfanyakazi 5%. Kwenye kazi halisi tumia viwango vinavyotumika sasa, na hakikisha ni sehemu ipi ya mshahara inayochangiwa.

```
Debiti   Gharama ya mishahara        24,000,000
Debiti   Gharama ya mchango           2,400,000
Krediti  Mishahara ya kulipwa        22,800,000
Krediti  Mchango wa kulipa mfuko      3,600,000
```

(Kodi ya mshahara na makato mengine nimeyaacha kando ili mchango uonekane vizuri.)

Angalia ile 1,200,000 ya wafanyakazi. Haikuongeza gharama ya kampuni, kwa sababu imo ndani ya 24,000,000. Kampuni imeishika tu kwa niaba yao. Anayeandika 3,600,000 yote kuwa gharama, na bado akaandika mishahara ghafi, amehesabu 1,200,000 mara mbili kila mwezi. Hiyo ni sh. 14,400,000 kwa mwaka.

Gharama huandikwa mwezi ambao kazi imefanyika, hata kama fedha zitatoka baadaye. Mchango wa Disemba unaolipwa Januari ni gharama ya Disemba, na tarehe 31 unakaa kwenye mizania kama deni la muda mfupi. Kampuni ikilipa zaidi ya inachodaiwa, na ziada hiyo itarejeshwa au itapunguza malipo yajayo, ziada ni mali.

Adhabu ya kuchelewesha isichanganywe na gharama ya mchango. Ipe akaunti yake, ili menejimenti ione inachopoteza. Na ukigundua kwamba wafanyakazi wa msimu wa miaka miwili iliyopita hawakuchangiwa kabisa, usiibebeshe gharama yote mwaka huu. Hilo ni kosa la miaka iliyopita, na kama ni kubwa, takwimu za miaka hiyo husahihishwa.

*Hatua imefaulu ikiwa* salio la "Mchango wa kulipa mfuko" tarehe 31 Disemba ni sawa kabisa na hati utakayolipia Januari. Likizidi, kuna mwezi haukulipwa. Likipungua, kuna mtu kakatwa na hakuandikwa.

Kwa upande wa mchango, kazi imekwisha. Hakuna makadirio, hakuna haja ya aktuari, yaani mtaalamu wa hesabu za mafao.

## Hatua ya 3: Kusanya makadirio ya ahadi

Deni la kiinua mgongo halipatikani kwa kuuliza, "Wote wakiondoka leo tutawalipa ngapi?" Hesabu hiyo ni rahisi, nayo si sahihi, kwa sababu ahadi imefungwa kwenye mshahara wa mwisho na malipo yenyewe ni ya miaka ijayo. Unahitaji makadirio matatu.

Nyongeza ya mishahara. Kadiria mshahara wa siku ya kustaafu, si wa leo. Soma pia mkataba unataja mshahara upi. Hoteli nyingi zinagawa tozo ya huduma juu ya mshahara, na ukikosea kati ya "mshahara wa msingi" na "mshahara ghafi" deni linaweza kuruka vibaya.

Uwezekano wa mtu kubaki. Tazama rekodi za miaka kadhaa: kati ya wahudumu na wapishi, wangapi huacha kazi kabla ya kustahili? Kama mkataba unasema kiinua mgongo hulipwa baada ya miaka 10, usisubiri mwaka wa 10. Deni linaanza kujengeka tangu mwaka wa kwanza, likipunguzwa kwa uwezekano wa mtu kutofika.

Kiwango cha kuleta thamani ya leo. Kiwango cha kimataifa kinataka riba ya hatifungani za makampuni yenye hadhi ya juu. Soko lake likiwa halina kina, hutumika hatifungani za serikali, na huko ndiko tuliko sisi. Chagua muda unaokaribiana na muda wa malipo. Serikali huuza za muda mbalimbali, kuanzia miaka 2 hadi 25. Chukua faida ya soko iliyopatikana mnadani. Riba iliyoandikwa juu ya hatifungani siyo unayoitafuta, na riba ya mkopo wa benki yako ndiyo haihusiki kabisa.

Hapa kuna mtego wa hoteli zetu: kama kiinua mgongo kimeahidiwa kwa dola, kiwango kiwe cha dola. Ahadi ya dola ikipunguzwa kwa riba ya shilingi, ambayo kwa kawaida huwa juu zaidi, deni litaonekana dogo kuliko lilivyo.

IAS 19 inahimiza kutumia aktuari, ila hailazimishi. Kwa wafanyakazi wachache na ahadi nyepesi, mhasibu makini anaweza kuifanya hesabu mwenyewe. Kwa wafanyakazi mia kadhaa, kwa maoni yangu, ada ya aktuari ni nafuu kuliko mabishano na mkaguzi.

*Hatua imefaulu ukiwa na* karatasi ya makadirio iliyotiwa saini na menejimenti, na kila namba ina ushahidi wake.

## Hatua ya 4: Kokotoa deni, mtu mmoja mmoja

Mfano ni mpishi wa hoteli ya Nungwi, mwenye miaka 55, aliyeajiriwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa kwanza. Atastaafu tarehe 31 Disemba ya mwaka wa tano. Mshahara wake wa msingi ni sh. 800,000 kwa mwezi na unatarajiwa kupanda 5% kila Januari. Ahadi ni mshahara mmoja wa mwisho kwa kila mwaka. Kiwango cha thamani ya leo ni 10%, na tunachukulia kuwa atabaki mpaka mwisho.

Mshahara wa mwaka wa tano utakuwa umepanda mara nne:

```
=800000*1.05^4      → 972,405
```

Kwa hiyo kila mwaka anaofanya kazi anajipatia sh. 972,405, zitakazolipwa mwisho wa mwaka wa tano. Aliyoipata mwaka wa kwanza imebakiwa na miaka minne kufika:

```
=972405/1.1^4       → 664,166
```

Hiyo 664,166 ni gharama ya huduma ya mwaka wa kwanza, na ndiyo deni la kufungia mwaka.

Mwaka wa pili mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Deni la mwanzo limesogea mwaka mmoja karibu na malipo, kwa hiyo linazaa riba ya 10%, sh. 66,417. Na mpishi amefanya kazi mwaka mwingine, ambao thamani yake sasa ni 972,405/1.1^3, yaani 730,582. Jumla ya deni inakuwa 1,461,165.

Jaribu hesabu kwa njia ya pili: miaka miwili × 972,405, gawa kwa 1.1^3. Utapata 1,461,165. Njia mbili zisipokutana, usiendelee. Mara nyingi kosa ni kipeo: mtu amehesabu miaka minne iliyobaki badala ya mitatu, akisahau kuwa anapima mwisho wa mwaka na si mwanzo wake.

Kama kungekuwa na uwezekano wa 90% tu wa kufika siku ya malipo, na anayeondoka mapema hapati kitu, kila namba ingezidishwa kwa 0.9. Kila mfanyakazi awe na mstari wake, kisha jumlisha chini.

## Hatua ya 5: Gawa mabadiliko mahali panapostahili

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi. Deni linaweza kupanda kwa sababu nne, na kila sababu ina kwake.

Gharama ya huduma ya mwaka na riba vinaingia kwenye faida na hasara. Mwaka wa pili wa mpishi wetu:

```
Debiti   Gharama ya huduma        730,582
Debiti   Riba ya kiinua mgongo     66,417
Krediti  Deni la kiinua mgongo    796,999
```

Sasa tuseme mwisho wa mwaka wa pili menejimenti imekubali kwamba Januari mshahara utapanda 15% badala ya 5%. Mwaka wa pili alikuwa kwenye 840,000, kwa hiyo mwaka wa tatu atapata 966,000. Ukiongeza 5% mara mbili, mshahara wa mwisho unafika 1,065,015. Deni jipya la miaka miwili:

```
=2*1065015/1.1^3    → 1,600,323
```

Tofauti na 1,461,165 ni sh. 139,158. Ahadi haikubadilika, bado ni mwezi mmoja kwa mwaka. Kilichobadilika ni kadirio la mshahara, kwa hiyo tofauti hii ni ya vipimo, na inakwenda kwenye mapato mengine jumuishi, chini ya mstari wa faida:

```
Debiti   Mapato mengine jumuishi  139,158
Krediti  Deni la kiinua mgongo    139,158
```

Ikishaandikwa huko haihamishiwi kwenye faida na hasara hata miaka ijayo. Unaweza tu kuihamisha ndani ya mtaji. Kiwango cha thamani ya leo kikibadilika, au watu wakiacha kazi kwa wingi kuliko ilivyokadiriwa, tofauti inafuata njia hiyo hiyo.

Lakini je, siku ile ile chama kikishinda, na mkataba ukaandikwa upya kuwa mwezi mmoja na nusu, pamoja na miaka iliyokwisha pita? Deni linaongezeka kwa nusu ya 1,600,323, yaani sh. 800,162. Hapa ahadi yenyewe imebadilika. Hiyo ni gharama ya huduma ya nyuma, nayo inaingia yote kwenye faida na hasara wakati mkataba unapobadilishwa. Haigawanywi kwa miaka iliyobaki. Menejimenti zinazopenda faida nzuri huvutika kuiweka kwenye mapato mengine, na mkaguzi anajua pa kuchungulia: huomba mkataba wa zamani na mpya, akaulinganisha mstari kwa mstari.

*Hatua imefaulu ikiwa* unaweza kuonyesha safari ya deni bila pengo. Kwa mpishi, bila mabadiliko ya mkataba: mwanzo 664,166, huduma 730,582, riba 66,417, vipimo 139,158, mwisho 1,600,323.

## Hatua ya 6: Endelea, kisha lipa

Mwaka wa tatu anza na 1,600,323. Riba inakuwa 160,032, huduma 880,178 (yaani 1,065,015/1.1^2), na deni la mwisho 2,640,533. Kosa la kawaida ni kuanzia tena na deni la zamani la 1,461,165, kwa sababu faili la mwaka jana halikuhifadhiwa baada ya marekebisho ya mwisho.

Makadirio yakitimia, mwisho wa mwaka wa tano deni litakuwa miezi mitano ya 1,065,015, yaani sh. 5,325,075. Programu yako ikionyesha shilingi moja pungufu, ni kukaribisha tarakimu tu. Siku ya kulipa:

```
Debiti   Deni la kiinua mgongo   5,325,075
Krediti  Benki                   5,325,075
```

Gharama haiguswi. Kampuni iliyoruka hatua ya 3 hadi ya 5 ndiyo inayoandika milioni tano zote kuwa gharama ya mwaka mmoja, kumbe kazi ilifanywa miaka mitano.

## Hatua ya 7: Maelezo ya chini ya hesabu

Kwa michango ya ZSSF, taja tu kiasi kilichoandikwa kuwa gharama mwaka huo, na uoneshe alichochangia mwajiri bila kukichanganya na cha wafanyakazi.

Kwa kiinua mgongo maelezo ni marefu zaidi: ahadi yenyewe na hatari zake, safari ya deni kama ilivyo hapo juu, makadirio makuu, malipo yanatarajiwa lini, na deni lingekuwa ngapi kama kadirio lingekuwa tofauti. Hili la mwisho watu huliacha kwa kuliogopa, na ni hesabu ya dakika moja. Badili 10% kuwa 11% katika deni la mwaka wa pili:

```
=2*1065015/1.11^3   → 1,557,460
```

Deni linashuka kwa sh. 42,863. Rudia kwa 9%, kisha kwa nyongeza ya mshahara. Riba ikipanda na deni nalo likapanda, fomyula imegeuzwa mahali fulani: tafuta seli inayozidisha pale inapopasa kugawanya, na uisahihishe kabla faili halijaenda kwa mkaguzi.